Gari ni la kijana, fomu inasema anaendesha mama: kwa nini bima inaweza kukataa kulipa

Wateja wetu wengi siku hizi hulipia bima ya gari kwa simu. Unaingiza namba ya Paybill, unaweka namba ya gari au ya polisi ya bima, unabonyeza, na kabla chai haijapoa cheti cha dijitali kimeshaingia. Sehemu hiyo ya malipo tumeizungumzia mara nyingi. Leo tunarudi nyuma hatua moja, hadi kwenye fomu inayojazwa kabla ya kulipa. Shida tunayotaka kuieleza huzaliwa hapo, na risiti nzuri ya malipo haiwezi kuitibu.

Shida yenyewe ni hii: gari linatumiwa na kijana karibu kila siku, lakini kwenye fomu ya bima anaandikwa mzazi kuwa ndiye dereva mkuu, ili bei ishuke au ili kampuni ikubali kulipokea gari. Waingereza wanaiita "frontingi", yaani kumtanguliza mtu mbele ili aliye nyuma asionekane. Kule, bei ya bima hupangwa kwa kuangalia sana dereva ni nani, kwa hiyo kijana wa miaka 19 anaweza kulipa mara kadhaa ya anacholipa mama yake kwa gari lile lile. Ndiyo maana hila hii imeenea huko, na sheria yao ya mwaka 2012 inairuhusu kampuni ifute bima na ibaki na pesa iliyolipwa ikiwa uongo ulikuwa wa makusudi.

Kwetu Kenya hali ni tofauti kidogo. Bima kubwa, ile tunayoiita komprehensivu, hupigiwa hesabu hasa kwa thamani ya gari. Lakini usidhani dereva hahesabiwi. Fomu nyingi huuliza kama gari litaendeshwa na mtu aliye chini ya umri fulani, au mwenye leseni changa, na jibu likiwa "ndiyo" kampuni inaweza kuongeza bei, kuongeza ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe (eksesi), au kusema "samahani, hatuchukui". Kuna pia punguzo la kutodai, linalokua kila mwaka usipoomba fidia. Mama aliyeendesha miaka 10 bila ajali analo. Kijana wake hana kitu. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Vitengeni. Mfano huu tumeutunga, na bei zake ni za kuelezea tu. Kampuni yako itakuwa na zake.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 47. Kijana wake ana miaka 20, leseni yake ina miezi 8, na amepata kazi Malindi. Wamenunua gari dogo la shilingi 700,000. Pesa nyingi imetoka kwa mama kupitia mkopo wa sacco, na logbuku ina jina la mama. Kijana amepanga chumba Malindi na gari linalala huko. Mama hulishika mara moja moja, kijana akija nyumbani wikendi, wakiteremka Kilifi kununua vitu.

Wanakaa sebuleni na simu mkononi. Fomu inauliza: dereva mkuu ni nani?

"Mama, jiweke wewe," kijana anasema. "Gari si ni lako?"

"Mwanangu, mimi hilo gari nalishika Jumamosi tu."

"Ajenti amesema mtu yeyote mwenye leseni anaruhusiwa kuendesha. Hakuna tofauti."

Ukiyasoma maneno ya kijana haraka utaona ana hoja, kwa hiyo tuyachambue polepole.

Hoja ya kwanza: gari ni la mama. Kweli, na hakuna kosa lolote hapo. Mzazi kumiliki gari analoendesha mtoto ni jambo halali kabisa. Lakini mwenye gari, dereva mkuu na anayelipia bima ni maswali matatu tofauti, na majibu yake yanaweza kuwa watu watatu tofauti. Baba anaweza kuwa kwenye logbuku, binti akawa dereva, na shangazi aliye Muskati akatuma pesa. Hata sisi, kama kampuni ya malipo, hatujali namba iliyolipa ni ya nani, na kampuni ya bima kwa kawaida haijali pia. Kosa linaanza pale jibu la swali moja linapochukuliwa na kubandikwa kwenye swali lingine.

Hoja ya pili ndiyo inayowapoteza wengi: "yeyote mwenye leseni anaruhusiwa." Ajenti hakudanganya. Polisi nyingi za gari la binafsi zina kifungu kinachosema gari linaweza kuendeshwa na mwenye bima au mtu yeyote mwenye leseni halali aliyepewa ruhusa naye. Ndiyo maana ukimpa jirani ufunguo ampeleke mgonjwa hospitali Kilifi usiku, bima haifi. Lakini kifungu hicho kinajibu swali la nani anaweza kushika usukani siku fulani. Hakijibu swali la kampuni ilikubali kubeba hatari gani ilipokuwa inapanga bei. Bei ilipangwa kwa mwalimu wa miaka 47 anayelaza gari uani kwake Vitengeni, kumbe hatari halisi ni kijana wa miaka 20 anayetembea usiku Malindi. Ruhusa ya mama haiwezi kurekebisha jibu ambalo halikuwa kweli tangu siku ya kwanza.

Msingi wa kisheria ni wa zamani. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli kamili, kwa sababu kampuni haikujui wewe, haijui unalaza gari wapi wala unampa nani ufunguo. Inakuuliza tu, na inapanga bei kwa majibu yako. Jaji mmoja wa Uingereza, Lodi Mansfildi, alilieleza jambo hilo mwaka 1766 katika kesi ya Kata na Boem, na mahakama zetu bado zinafuata njia hiyo. Ukificha au ukisema uongo kuhusu jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni, kampuni inaweza kuuvunja mkataba kana kwamba haukuwahi kuwepo.

Sasa turudi kwenye hesabu ya mezani. Tuseme kampuni inatoza asilimia 5 ya thamani. Hiyo ni 35,000. Juu yake kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 na mfuko wa fidia wa wenye bima wa asilimia 0.25, jumla 157.50, kisha stempu ya shilingi 40. Mama analipa 35,197.50. Wangesema ukweli, tuseme kampuni ingeongeza asilimia 20 kwa ajili ya dereva kijana, yaani 7,000, na tozo zake 31.50. Kwa hiyo walichookoa ni shilingi 7,031.50 kwa mwaka mzima. Kijana anamwambia mama, hiyo ni mafuta ya wiki mbili. Mama anabonyeza "Ninakubali".

Hapo tusimame kidogo. Ule mstari wa mwisho kabla ya "Ninakubali", ambao sote tunauruka, ni tamko. Unasema kwamba majibu yote ni kweli na ndiyo msingi wa mkataba. Kubonyeza kuna uzito ule ule wa kutia sahihi. Na kama ajenti ndiye aliyekujazia huku ukipiga naye stori, bado majibu ni yako ukishakubali. Usimwachie mtu fomu tupu yenye sahihi yako, hata kama ni binamu yako.

Miezi 6 inapita bila neno. Kisha Jumamosi moja saa nne usiku, karibu na Gede, kijana anapishana vibaya na bodaboda. Mwendeshaji anavunjika mguu. Gari mbele limeharibika, gereji inakadiria shilingi 280,000.

Wengi hufikiri kampuni ya bima itagunduaje. Hakuna ujanja mkubwa. Karibu kila karatasi ya ajali ina jina la kijana. Kwanza kuna abstrakti ya polisi, inayotaja aliyekuwa anaendesha. Kisha fomu ya madai inauliza dereva ana umri gani, leseni ilitolewa lini, anakaa wapi, alikuwa anatoka wapi kwenda wapi, na huwa analitumia gari mara ngapi. Tarehe ya leseni inathibitishwa kwenye kumbukumbu za NTSA. Kufikia hapo hakuna kosa lililothibitishwa, kwa sababu mtoto anaweza kuazima gari la mama usiku mmoja. Kinachomtumbukiza mtu shimoni ni yale yanayofuata.

Kampuni inatuma mpelelezi. Anafika Vitengeni kwa adabu zake zote, anakaribishwa kiti chini ya mwembe.

"Mwalimu, pole kwa yaliyotokea. Gari huwa linalala wapi?"

"Hapa… na wakati mwingine Malindi."

"Shuleni unaendaje?"

"Kwa miguu. Ni hapo tu."

Majibu mawili mafupi, na mengine yanakuja yenyewe. Risiti za sevisi zote ni za gereji ya Malindi, zina jina na namba ya kijana. Mlinzi wa ploti anasema gari analijua, huliona kila jioni. Kijana mwenyewe, kwa maumivu na hofu, ameandika katika maelezo yake polisi kwamba alikuwa anarudi "na gari langu". Na kama familia imeambatisha taarifa ya malipo ya simu kuonyesha kwamba bima ililipwa kwa wakati, ukurasa ule ule unaonyesha kituo cha mafuta cha Malindi siku tano kwa wiki. Kumbuka hilo: ukihitajika kuthibitisha malipo moja, toa risiti ya malipo hayo, huna haja ya kumpa mtu taarifa ya miezi 6. Hatusemi hivi ili ufiche uongo. Tunasema kwa sababu taarifa yako ni mali yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 iko kwa ajili hiyo.

Barua inakuja: kampuni haitalipa, kwa sababu dereva mkuu halisi hakutajwa.

Wangesema ukweli ingekuwaje? Tuseme eksesi ya kawaida ni asilimia 2.5 ya thamani, yaani 17,500, na kwa dereva kijana mwenye leseni changa inaongezeka 12,500. Wangebeba 30,000 na kampuni ingelipa 250,000. Sasa wanabeba 280,000 yote, na mkopo wa sacco bado unakatwa kwenye mshahara wa mwalimu kila mwezi kama kawaida. Sacco haina habari na Gede.

Lakini gari ndilo dogo. Kubwa ni ule mguu. Mtu wa bodaboda ana haki ya kudai, na madai ya kuumiza mtu hupita bei ya gari dogo kwa urahisi. Sheria yetu ya bima ya magari kwa watu wa tatu, Sura ya 405, imeweka ulinzi kwake: akishinda kesi, kampuni inatakiwa imlipe hata kama ina ugomvi na mwenye bima, hadi kikomo cha shilingi milioni 3. Ila sheria hiyo hiyo inaiachia kampuni mlango. Inaweza kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba bima ilipatikana kwa kuficha au kupotosha jambo la msingi, mradi ifungue shauri hilo kabla ya kesi ya majeruhi au ndani ya miezi 3 tangu ianze. Ikifanikiwa, inatoka. Wanaobaki mbele ya majeruhi ni kijana aliyeendesha na mama mwenye gari. Na hata pale kampuni inapolazimika kumlipa majeruhi, inaweza kugeuka na kumdai mwenye bima irudishiwe ambacho isingepaswa kulipa. Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu ambayo familia nyingi hazijawahi kuambiwa. Mtu hufikiri anahatarisha bampa, kumbe anahatarisha shamba.

Tuwe wa haki pia: si kila kijana nyuma ya usukani wa mama ni uongo. Badilisha mfano kidogo. Gari linalala Vitengeni, mama anafundisha shule iliyo mbali na analiendesha siku tano kwa wiki, kijana yuko chuo na huliendesha likizo ya Agosti. Hapo dereva mkuu ni mama, kweli tupu, na kijana anatajwa kama dereva wa ziada ikiwa fomu inauliza. Ukiwa na shaka chukua wiki moja ya kawaida, si wiki ya harusi wala ya matanga, uhesabu nani alishika ufunguo siku ngapi na gari lililala wapi. Mkikaribiana sana, andikeni nyote wawili na mwambie kampuni hivyo hivyo. Swali gumu linajibiwa vizuri zaidi na sentensi mbili za maelezo kuliko jina moja.

Hali hubadilika pia. Mama alisema kweli Februari, kijana akamaliza chuo Julai akahamia Malindi na gari. Jibu la Februari halikuwa uongo, lakini polisi nyingi zinakutaka utoe habari jambo la msingi likibadilika, na siku ya kuhuisha bima unajibu upya. Mtego upo hasa hapo. Kwenye simu kuhuisha ni kubonyeza mara mbili, majibu ya mwaka jana yanakuja yamejaa tayari, unalipa, umemaliza. Yafungue uyasome.

Na kama umeisoma makala hii ukakumbuka fomu yako mwenyewe? Rekebisha sasa, gari likiwa zima. Piga simu au andika kwa kampuni (ukipiga, fuatisha kwa ujumbe wa maandishi) useme dereva mkuu ni fulani, umri wake, tarehe ya leseni, na gari linalala wapi. Watatoa marekebisho ya polisi na kukutoza tofauti kwa miezi iliyobaki tu. Katika mfano wetu, ikibaki miezi 5, nyongeza ya 7,000 inakuwa 7,000 mara 5 gawanya kwa 12, yaani kama 2,917 na tozo ndogo juu. Huenda wakasema hawamchukui kijana wa umri huo kwa komprehensivu. Inauma, lakini ni afadhali uambiwe leo ukatafute kampuni nyingine, au uchukue bima ya watu wa tatu ukijua wazi kwamba gari lenyewe halimo.

Ukilipa hiyo tofauti kwa simu, weka namba ya polisi kwenye sehemu ya akaunti, si namba ya gari, isipokuwa kampuni imekuambia vingine. Soma jina la biashara linalojitokeza kabla ya kuweka pini. Tofauti hailipwi kwenye namba binafsi ya ajenti, hata akikuambia mtandao wa ofisi uko chini. Halafu usiishie kwenye ujumbe wa malipo: subiri karatasi mpya ya polisi yenye jina la dereva lililorekebishwa. Ujumbe wetu unathibitisha kwamba pesa imefika. Hausemi kampuni imekubali nini.

Upande wa pili, kama umeshakataliwa na unaamini ulijibu kweli, omba sababu kwa maandishi na nakala ya fomu uliyojaza. Fomu hiyo ndiyo ushahidi mkuu. Angalia swali liliulizwaje. Kama fomu haikuuliza dereva mkuu bali iliuliza tu "mwenye gari", una hoja ya kuzungumza. Kama ajenti alibadilisha jibu lako, ujumbe wa simu mlioandikiana unaweza kuonyesha. Anza na ofisi ya malalamiko ya kampuni yenyewe, na isipokusikiliza, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hupokea malalamiko ya wateja bila malipo. Lakini barua za mahakama kuhusu majeruhi usizikalie huku ukingoja majibu. Zipeleke kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo, hata kama tayari imekuandikia kwamba hailipi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.